Mkopo uishe Julai 2028: kutafuta nyongeza ya kila mwezi kwa Goal Seek

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na mkopo uliobakiza marejesho 48. Salio lilikuwa 4,800,000, riba asilimia 15 kwa mwaka, ikihesabiwa kila mwezi juu ya salio lililobaki. Rejesho lilikuwa 133,588 kila tarehe 5, la kwanza likiwa Februari 2026. Kwa mwendo huo mkopo ungeisha Januari 2030. Yeye alitaka uishe kabla Julai 2028 haijapita.

Alikuwa na mambo mawili ya kumsaidia. Kwanza, alikuwa na mkopo mwingine mdogo ambao ungekwisha baada ya miezi sita, na kuanzia mwezi wa saba angeachiwa 70,000 kila mwezi. Pili, mwezi wa 12 alitarajia malipo ya mkupuo ya 400,000. Nusu yake ilikuwa ya uhakika, nusu nyingine ilikuwa matumaini.

Alinijia akiwa ameshakata tamaa, kwa sababu alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa marejesho ya kawaida peke yake, baada ya rejesho la 30 angebaki na deni la 2,141,334. Akatoa 400,000, akagawanya kilichobaki kwa miezi 24 ya kulipa nyongeza, akapata 72,556. “Kaka, nina 70,000 tu,” akasema. “Haifiki.”

Hesabu hiyo inaonekana ya haki kabisa, na ndiyo wengi wanayoipiga. Kasoro yake ni kwamba inachukulia nyongeza kama pesa inayowekwa kando hadi mwisho, kisha kulipia deni siku moja. Nyongeza hailali. Ikiingia mwezi wa saba inapunguza salio mwezi huohuo, na riba ya miezi 23 inayofuata inahesabiwa juu ya salio dogo zaidi. Kwa riba ya asilimia 1.25 kwa mwezi, kila 1 iliyolipwa mwezi wa saba inafuta deni la 1.33 ifikapo mwezi wa 30. Ile ya mwezi wa 30 yenyewe inafuta 1 tu. Ukijumlisha zote 24, kila 1 ya nyongeza ya mwezi inafuta 27.79, siyo 24. Malipo ya mkupuo ya 400,000 nayo, yakilipwa mwezi wa 12, yanafuta 500,231 ya mwezi wa 30. Tofauti hizo mbili ndizo zilizomfanya adhani haiwezekani.

Kuna fomula ya moja kwa moja ya rejesho, na watu wa lahajedwali huikimbilia:

```
=PMT(15%/12,30,-4800000)
```

Inatoa 192,857, yaani 59,269 zaidi ya rejesho lake. Lakini fomula hiyo inadai malipo yawe sawa kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Nyongeza yake inaanza mwezi wa saba na katikati kuna mkupuo, kwa hiyo jibu hilo ni la mkopo wa mtu mwingine. Hapa ndipo `Goal Seek` inapofaa. Unaandika ratiba jinsi mambo yatakavyokuwa, hata kama haina umbo zuri, kisha unaiachia itafute namba moja isiyojulikana.

Tulianza na tarehe. Lahajedwali haijui “kabla Julai haijapita”, inajua namba ya mstari. Ukihesabu miezi ya kalenda unaweza kukosea kwa mmoja, kwa hiyo hesabu tarehe za kulipa. Februari 2026 ni rejesho la 1, Januari 2027 la 12, Januari 2028 la 24, na tarehe 5 Julai 2028 ni la 30. Kama lengo lingekuwa tarehe 1 Julai, tungesimama kwenye la 29, na nyongeza ingekuwa kubwa zaidi.

Juu ya karatasi tukaweka vitu vinavyobadilika, kila kimoja kwenye seli yake: salio `B1`, riba ya mwaka `B2`, rejesho `B3`, nyongeza `B4`, mwezi wa kuanza nyongeza `B5`, mwezi wa kumaliza `B6`. Ratiba inaanzia mstari wa 10 na kushuka hadi wa 57. Safu ya A ni namba ya mwezi, B salio la mwanzo, C riba, D rejesho, E nyongeza, F mkupuo, G salio la mwisho. Mstari wa kwanza ni huu:

```
B10: =B1
C10: =B10*$B$2/12
D10: =$B$3
E10: =IF(A10>=$B$5,$B$4,0)
G10: =B10+C10-D10-E10-F10
B11: =G10
```

Kuanzia `C10` unanakili kushuka, na `B11` nayo vilevile. Mkupuo unauandika kwa mkono kwenye `F21`, ambao ndio mwezi wa 12. Seli nyingine za F zinabaki tupu. Mwisho, seli moja ya kutazama, salio la mwezi wa lengo:

```
B7: =INDEX(G10:G57,B6)
```

Kabla ya kutafuta chochote, hakikisha ratiba inasema kweli. `B4` ikiwa 0, mstari wa kwanza uonyeshe riba 60,000 na salio la 4,726,412, na `B7` iseme 1,641,103. Futa mkupuo kwa muda, irudi 2,141,334, ile namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ikiwa hizi hazikai sawa, `Goal Seek` itakutafutia jibu sahihi la swali lililokosewa.

Ratiba aliyokuja nayo yeye haikuwa hii. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye kielelezo kimoja kizuri cha macho, ambacho salio halishuki chini ya sifuri. Safu ya malipo ilikuwa na fomula ya namna hii:

```
=MIN($B$3+E10,B10+C10)
```

Maana yake ni “lipa kiasi cha kawaida, lakini usilipe zaidi ya unachodaiwa”. Kwa kuchapisha na kuonyesha watu ni nzuri. Kwa kutafuta ni mtego. Alikuwa ameandika 100,000 kwenye `B4` kama makisio, akaendesha `Goal Seek`, na mara moja ikamwambia imepata. Jibu: 100,000. “Imesema imepata, kaka, lakini namba ni ileile niliyoandika mimi.”

Wala haikudanganya. Aliiambia itafute nyongeza inayofanya salio la mwezi wa 30 liwe sifuri. Kwa 100,000 mkopo unaisha mwezi wa 26, na kwa kuwa `MIN` inazuia salio lisishuke chini, mwezi wa 30 nao unasomeka sifuri. Sharti limetimia kabla haijasogea hata hatua moja. 80,000 ingekubalika vilevile, na hata 200,000. Makisio yoyote yaliyo juu ya jibu yanarudishwa kama jibu.

Njia nyingine ambayo watu hupenda ni kuweka seli ya kuhesabu idadi ya miezi, kisha kuitaka iwe 30. Hiyo ni mbaya zaidi. Idadi ya miezi inaruka kwa hatua: nyongeza yoyote kati ya 59,058 na takriban 66,249 inamaliza mkopo kwenye rejesho la 30, na zote zinatoa 30. Ukianza na 0, ukiongeza kidogo, idadi haibadiliki. `Goal Seek` inafanya kazi kwa kusukuma seli ya kubadilisha kidogo na kutazama seli ya lengo imesogea kiasi gani. Isiposogea kabisa, haina pa kushika, na mara nyingi itakuambia huenda haikupata suluhisho. Watu hulaumu programu.

Kwa hiyo ratiba ya kutafutia iachwe bila kizuizi. Baada ya mwezi wa 30 salio litakuwa hasi, na kwa macho ni vituko, lakini kila kinachobadilika kwenye nyongeza kinaonekana kwenye `B7`. Ukitaka ratiba ya kuonyesha, tengeneza safu ya pembeni yenye `=MAX(0,G10)` na uiache huko huko pembeni. Hiyo `IF` ya safu ya E haina shida, kwa sababu inategemea namba ya mwezi na haiguswi na kiasi cha nyongeza.

Kuendesha kwenyewe ni jambo la nusu dakika. Kwenye Excel fungua `Data`, kisha `What-If Analysis`, kisha `Goal Seek`. Kwenye `Set cell` weka `B7`, ambayo lazima iwe na fomula. Kwenye `To value` andika 0 kwa mkono, maana haikubali kuelekezwa kwenye seli nyingine. Kwenye `By changing cell` weka `B4`, ambayo lazima iwe namba iliyoandikwa, siyo fomula. LibreOffice Calc inacho kitu hichohicho kwenye `Tools`, ila visanduku vinaitwa `Formula cell`, `Target value` na `Variable cell`.

Jibu likatoka: 59,057.80. Chini ya 70,000 yake, tena kwa nafasi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niiendeshe tena mbele ya macho yake.

Badala ya kuiendesha tena nilimwonyesha njia ya kuikagua isiyotumia `Goal Seek` kabisa. Andika 0 kwenye `B4`, soma `B7`: 1,641,103. Andika 10,000, soma tena: 1,363,222. Nyongeza ya 10,000 imeshusha deni kwa 277,881. Gawanya 1,641,103 kwa 277,881, zidisha kwa 10,000, unarudi kwenye 59,058. Inakubali kwa sababu uhusiano kati ya nyongeza na salio la mwisho ni mstari ulionyooka, mradi riba na tarehe hazitegemei kiasi unacholipa. Ukweli ni kwamba kwa mkopo wa aina hii `Goal Seek` ni anasa. Anayefanya kazi kwenye simu, au kwenye Google Sheets ambako kifaa hicho kinapatikana kama nyongeza ya kusakinisha, anaweza kupata jibu kwa majaribio hayo mawili na kugawanya. Mambo yanapoacha kunyooka, kwa mfano mkopeshaji anapotoza ada ya asilimia fulani kwa nyongeza inayovuka kiwango alichoweka, ndipo njia ya mkono inapokosea, na hata `Goal Seek` inahitaji kuanzia kwenye makisio yaliyo karibu.

Senti 80 hazilipwi, kwa hiyo namba lazima izungushwe, na izungushwe juu. Ukishuka hadi 59,000, tarehe 5 Julai 2028 unabaki na deni la 1,606, na rejesho la 31 linazaliwa kwa ajili ya deni dogo namna hiyo. Ukipanda hadi 59,100, rejesho la mwisho linapungua kwa 1,173 na mambo yanaisha. Usiweke `ROUND` ndani ya ratiba kabla ya kutafuta, kwa sababu inageuza mstari kuwa ngazi ndogondogo, na huenda hakuna namba inayofikisha salio kwenye sifuri kamili. Zungusha jibu baadaye, liandike kwenye `B4`, kisha soma `B7` mara moja zaidi.

Mpaka hapo kila kitu kilisimama juu ya ule mkupuo wa 400,000, ambao nusu yake haikuwa na uhakika. Tukaufuta kwenye `F21` na kuendesha upya. Hapa mtu hujisahau: `Goal Seek` haifuatilii chochote. Ukibadilisha mkupuo, riba au tarehe, `B4` inabaki na jibu la zamani, na kinachokuonya ni `B7` tu ambayo haiko sifuri tena. Jibu jipya, bila mkupuo, ni 77,059. Hilo ni juu ya uwezo wake. Na kama angeanza na 59,100 akitegemea mkupuo, kisha mwezi wa 12 upite mkavu, kuanzia mwezi wa 13 angelazimika kulipa nyongeza ya karibu 84,000 ili aikute tarehe ileile.

Swali lake halisi, kwa maoni yangu, lilikuwa limekaa upande mwingine. Hakuwa anatafuta nyongeza ndogo kuliko zote. Alikuwa na 70,000 kila mwezi, na alitaka kujua ategemee kiasi gani cha ule mkupuo. Kwa hiyo tukaandika 70,000 kwenye `B4`, na safari hii `By changing cell` tukaiweka `F21`. Seli ya lengo ni ileile, sifuri ileile. Ikatoa 156,862.

Hapo mambo yakabadilika sura. Nusu ya uhakika ilikuwa 200,000, na yeye alihitaji chini ya 157,000. Akilipa 70,000 kuanzia mwezi wa saba na 200,000 mwezi wa 12, salio la mwezi wa 30 linasomeka hasi 53,947, maana yake rejesho la mwisho linakuwa 149,641 badala ya 203,588. Ile nusu ya matumaini ikija, aamue mwenyewe pa kuipeleka.

Kinachobaki hakimo ndani ya lahajedwali. Ratiba yote inachukulia kwamba nyongeza inakata salio siku inapolipwa, na siyo kila mkopeshaji anafanya hivyo bila kuambiwa. Wengine huiweka kama malipo ya awali ya rejesho lijalo, na riba inaendelea kuhesabiwa kama vile hujalipa kitu. Wengine huipokea kwenye salio, kisha hupunguza rejesho la kila mwezi na kuacha tarehe ya mwisho palepale. Hapo mpango bado unasimama, ila itabidi uendelee kulipa jumla ya 203,588 ingawa wao watakuwa wanadai kidogo kuliko zamani. Wapo pia wanaotoza ada ya kulipa mapema, na hiyo inapaswa kuandikwa kwenye ratiba kama gharama ya mwezi husika. Na kama riba ya mkopo imehesabiwa juu ya kiasi chote cha awali na kugawanywa kwa miezi, karatasi hii haifai kabisa. Riba ya mkopo wa namna hiyo haipungui kwa sababu salio limeshuka, na unafuu wa kumaliza mapema utatoka kwenye masharti ya mkataba.

Nilimwambia aulize kwa maandishi kabla ya mwezi wa saba, kisha asiliamini jibu mpaka aione taarifa ya mwezi wa nane. Mstari wa kuangalia ni mmoja tu, riba ya mwezi huo. Kama 70,000 imeingia kwenye salio, riba itasomeka 52,439.50. Kama imewekwa pembeni, itasomeka 53,314.50. Tofauti ni 875, ambayo ni asilimia 1.25 ya 70,000. Mkopeshaji anayehesabu riba kwa siku atatofautiana na ratiba yetu kila mwezi, kulingana na mwezi una siku ngapi, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi 875, kwa hiyo kwake mstari wa kuangalia ni salio lenyewe. Lakini kama 70,000 haionekani imekatwa kwenye salio, siyo suala la siku. Hapo asilipe nyongeza ya pili mpaka ya kwanza ihamishiwe kwenye salio, kisha achukue salio lililo kwenye taarifa, aliandike juu ya fomula ya salio la mwanzo la mwezi huo, na aendeshe `Goal Seek` upya.